Kufungua mkutano mkuu wa mwaka: akidi, ajenda na kura kwa maneno ya kawaida

Mwaka mmoja nilikuwa katibu wa chama chenye wanachama wasiofika 200. Siku hiyo tulikuwa tunabadili kifungu cha katiba kinachohusu ada. Kura zikahesabiwa: 44 waliafiki, 21 walikataa, na 7 hawakuegemea upande wowote. Mwenyekiti akatangaza kwamba azimio limepita kwa theluthi mbili. Kabla hajameza mate, mzee mmoja wa safu ya nyuma akasimama akauliza, "Ndugu Mwenyekiti, theluthi mbili ya nini?"

Swali hilo lilikula dakika 40. Ukumbini kulikuwa na kura 72. Theluthi mbili ya 72 ni 48, kwa hiyo kwa hesabu hiyo 44 hazikufika. Lakini kura zilizopigwa hasa zilikuwa 65, na theluthi mbili yake ni 43 na kidogo, maana yake 44 zilitosha, tena bila ya ziada hata moja. Katiba yetu ilisema "theluthi mbili ya kura zilizopigwa", kwa hiyo mwenyekiti alikuwa sahihi. Kosa lake ni kwamba alikisoma kifungu hicho baada ya matokeo kujulikana. Kanuni ikisomwa wakati huo, hata ikiwa ya haki, watu huisikia kama utetezi wa upande ulioshinda. Kama angesema sentensi ile ile saa tatu asubuhi, hakuna mtu angeinua hata jicho.

Kazi ya mwenyekiti katika ufunguzi ni hiyo: kusema namba na kanuni mapema, wakati bado hakuna anayejua zitamsaidia nani. Mambo yenyewe ni matatu. Tuko wangapi na tunatosha? Tutajadili nini? Tutaamua vipi? Salamu, dua na kutambulisha wageni vina nafasi yake na kila chama kina desturi zake, siyagusi hapa. Haya matatu yanataka dakika 10, na ukijiandaa vizuri hata 8 zinatosha.

Hatua ya 1: Karatasi moja, siku mbili kabla

Kaa na katibu mkiwa na katiba ya chama mezani. Usitegemee kumbukumbu, wala usikubali neno la "siku zote huwa tunafanya hivi". Andikeni kwenye karatasi moja majibu ya maswali yafuatayo, na pembeni ya kila jibu namba ya kifungu mlikolitoa.

La kwanza ni nani ana haki ya kupiga kura. Katika vyama vingi si kila aliye kwenye daftari: mwenye malimbikizo ya ada kupita muda fulani anaweza kuhudhuria na hata kuchangia hoja, lakini hana kura. Hapa ndipo namba zote zinazofuata zinapozaliwa, kwa hiyo msipite haraka.

Chukulia chama kina majina 184 kwenye daftari, na wanachama 11 wamesimamishiwa haki ya kura kwa sababu ya ada. Katiba inasema akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya mkutano uwe halali, ni theluthi moja. Theluthi moja ya nini? Ikiwa ni ya majina yote, 184 gawanya kwa 3 ni 61 na kidogo, na kwa kuwa hakuna kipande cha mtu, unapanda hadi 62. Ikiwa ni ya wenye haki ya kura, ni 173 gawanya kwa 3, yaani 57 na sehemu, unapanda hadi 58. Kumbuka akidi hupandishwa, haishushwi: 57 haifiki theluthi moja ya 173, hata kama pengo ni dogo kiasi gani. Sasa fikiria asubuhi hiyo wamefika watu 60. Kwa tafsiri moja mkutano ni halali, kwa nyingine maamuzi yote ya siku nzima ni bure. Ndiyo maana kifungu kinasomwa kwa macho, si kwa kukumbuka.

La pili ni mawakala, wale wanaopewa barua ya kupiga kura kwa niaba ya asiyekuwepo. Zipo katiba zisizowaruhusu kabisa. Zipo zinazowahesabu kwenye kura lakini si kwenye akidi. Zipo zinazowahesabu kote. Na nyingine zinasema wakala hana kura wakati wa kunyosha mikono, ila zinapohesabiwa karatasi. Andikeni yenu ni ipi, pamoja na muda wa mwisho wa kupokea fomu zao, ambao mara nyingi ni saa 48 kabla ya mkutano.

La tatu ni viwango vya kupitisha maamuzi: jambo la kawaida linahitaji nini, mabadiliko ya katiba yanahitaji nini, na uchaguzi unahitaji nini. La nne, kura zikifungana mwenyekiti ana kura ya kuamua au hana? Usijipe haki hiyo kwa mazoea. Ikiwa katiba iko kimya, hoja iliyofungana imeanguka, kwa sababu haijapata zaidi ya nusu.

La mwisho, na hili husahaulika mno: akidi inatakiwa mwanzoni tu, au wakati wote wa mkutano? Nitalirudia, maana ndilo linalowaumbua wenyeviti baada ya chakula cha mchana.

Hatua ya 2: Mlangoni

Akidi haihesabiwi kwa kutazama ukumbi. Nimeona mwenyekiti akisema "naona tumejaa" huku robo ya waliokaa ni waalikwa, madereva na watoto wakubwa wa wanachama. Akidi hutoka kwenye daftari la mahudhurio, na daftari hukaa mlangoni pamoja na mtu aliyeshika orodha ya wenye haki ya kura.

Mwanachama akitia saini, apewe kadi ya kura yenye namba. Rangi moja kwa anayejipigia, rangi nyingine kwa kura ya wakala. Asiye na haki ya kura anatia saini ukurasa wa peke yake na hapewi kadi. Anaelezwa hapo hapo mlangoni, kwa sauti ya chini, si mbele ya watu. Mgogoro wa ada ukimalizwa mlangoni ni wa watu wawili, ukiingia ukumbini unakuwa wa chama kizima.

Faida ya kadi utaiona wakati wa kura. Mtu mwenye kura yake na ya wakala hanyoshi mikono miwili kama anayesalimu amri, bali anainua kadi mbili za rangi mbili, na wahesabu wanaona wanachokihesabu. Pia utajua wakati wowote ni kura ngapi zimo ndani, ilimradi wa mlangoni awe na utaratibu wa kupokea kadi kwa anayeondoka moja kwa moja.

Hatua ya 3: Kusubiri akidi

Saa ya mkutano imefika, na katibu anakuletea kikaratasi: 54. Mnahitaji 58. Majaribu ya hapa ni kusema "tuanze tu, wengine wako njiani". Usianze. Unaweza kusalimu na kutoa matangazo ya vyoo na milango, lakini usifungue mkutano wala usiguse ajenda. Kilichoamuliwa kabla ya akidi hakikuamuliwa, na kurudia jambo baadaye mbele ya watu waliokwisha kubishana juu yake ni kazi mara mbili.

Waambie watu ukweli na namba:

"Ndugu wanachama, saa 3 imetimia. Waliotia saini mpaka sasa ni 54. Katiba yetu inataka 58 ili tuweze kufungua mkutano, kwa hiyo bado wanne. Katiba inatupa nusu saa ya kusubiri. Nitarudi kwenu saa 3 na robo kuwaambia tumefika wangapi. Mwenye simu ya mwenzake aliye njiani, ampigie."

Sentensi ya mwisho si mzaha. Wanachama wanne hupatikana kwa simu haraka kuliko kwa lawama.

Nusu saa ikiisha bila akidi, fuata katiba ilivyo. Kifungu kinachopatikana kwenye katiba nyingi ni kwamba mkutano unaahirishwa hadi siku kama hiyo wiki inayofuata, saa ile ile na mahali pale pale, na katika mkutano huo wa pili waliohudhuria ndio akidi, hata wakiwa wachache. Ikiwa katiba yenu haina nafuu hiyo ya pili, usiitunge wewe. Tangaza kuahirishwa, taja tarehe ikiwa katiba inakuruhusu kuipanga, na katibu aandike saa.

Hatua ya 4: Kufungua na kutangaza akidi

Tuseme saa 3:19 katibu anakuletea namba mpya: 60. Sasa fungua. Simama, na sema namba kwa ukamilifu wake. Wenyeviti wengi husema "akidi imetimia" na kupita. Maneno hayo mawili yanamtaka msikilizaji akuamini tu. Ukisema namba, humwombi akuamini, anahesabu mwenyewe:

"Ndugu wanachama, kwenye daftari letu tuko 184. Wenzetu 11 hawana haki ya kura leo kwa sababu ya ada, kama kifungu kinavyosema, kwa hiyo wenye haki ya kura ni 173. Katiba inataka theluthi moja ya hao 173 wawepo wenyewe, na hiyo ni 58. Waliotia saini mlangoni mpaka sasa ni 60. Tumevuka kwa wawili. Mbali na hao 60, tumepokea fomu 7 za uwakala. Sita ziko sawa, moja ilifika baada ya muda na haikupokelewa. Mawakala hawahesabiwi kwenye akidi, ila watapiga kura. Kwa hiyo kura zilizomo humu ndani kwa sasa ni 66. Saa 3 na dakika 19, natangaza mkutano mkuu wa mwaka umefunguliwa."

Angalia mambo mawili katika maneno hayo. Kwanza, wale 11 wametajwa kwa idadi, hawakutajwa kwa majina, na sababu imesemwa bila kuwanyooshea kidole. Pili, fomu iliyokataliwa imetajwa. Ukiificha, mwenye fomu hiyo atasimama wakati wa kura, na itaonekana mmemkata kwa sababu ya upande wake. Ukiitaja asubuhi, ni fomu iliyochelewa tu.

Kisha ongeza sentensi ile niliyosema husahaulika. Ikiwa katiba inataka akidi wakati wote, sema hivi:

"Tumevuka kwa wawili tu. Wakiondoka watatu bila wengine kuingia, hatuwezi kuamua kitu. Naomba anayetaka kuondoka moja kwa moja arudishe kadi yake mlangoni, ili tujue tulipo."

Na ikiwa katiba inataka akidi mwanzoni tu, sema hilo pia, kwa sababu saa nane mchana kuna mtu atauliza. Dalili ya hatari kwa wenye akidi ya wakati wote ni kura ambayo jumla yake inashuka. Ikiwa asubuhi zilikuwa kura 66, na baada ya mapumziko walioafiki, waliokataa na waliojizuia wote kwa pamoja ni 51, simamisha na uhesabu watu kabla ya kutangaza matokeo. Kutangaza kwanza na kuhesabu baadaye ni kujitafutia kesi.

Hatua ya 5: Ajenda

Ajenda isisomwe kama orodha ya sokoni. Wanachama wanayo kwenye taarifa ya mkutano waliyopelekewa, wanajua kusoma. Wasichokijua ni kila kipengele kinawataka nini wao. Katika mkutano mkuu vipengele ni vya aina mbili: vya kusikiliza na kuuliza, na vya kuamua. Tofauti hiyo ndiyo unayoieleza.

"Ajenda mnayo mikononi. Nitataja tu ni wapi tutahitaji kura zenu. Muhtasari wa mwaka jana, tutauthibitisha au kuusahihisha. Yatokanayo na taarifa yangu ni vya kusikiliza na kuuliza, havipigiwi kura. Hesabu zilizokaguliwa, mkaguzi atasoma maoni yake, mtauliza, kisha mtazipokea au mtazikataa. Baada ya hapo tutamteua mkaguzi wa mwaka ujao, kwa kura. Kisha pendekezo la kubadili kifungu cha ada. Hilo ni zito, lina kiwango chake cha kura, nitalieleza sasa hivi. Mwisho uchaguzi wa wajumbe watatu wa kamati. Halafu mengineyo."

Mengineyo yanataka maneno ya peke yake. Hapa ndipo mtu huchomoa hoja ya kununua kiwanja au kumwondoa mweka hazina, saa kumi jioni, watu nusu wameshakwenda. Kanuni ni nyepesi: jambo zito halipigiwi kura ikiwa halikuwemo kwenye taarifa waliyopelekewa wanachama wote, kwa sababu wapo ambao hawakuja kwa kuwa hawakujua kwamba litaamuliwa. Mwanachama aliyebaki nyumbani alitazama ajenda akaona hakuna linalomgusa. Kumwamulia jambo ambalo hakuliona ni kumzunguka. Sema mapema:

"Kwenye mengineyo tutapokea maoni na matangazo. Likitokea jambo la kuamuliwa, tutaliandika na kulipeleka kwenye kamati au kwenye mkutano ujao. Hatutalipigia kura leo. Mwenye jambo la mengineyo amwandikie katibu sasa, kabla hatujaanza."

Halafu uliza kama kuna anayetaka mpangilio ubadilike. Kubadili mpangilio ni jambo dogo na mara nyingi lina busara. Ikiwa mkaguzi ana safari, asogezwe mbele. Kuongeza kipengele kipya cha kuamuliwa si kubadili mpangilio, hata anayependekeza akiliita hivyo. Mmoja atoe hoja ya kupokea ajenda, mwingine aunge mkono, uwaulize wanaoafiki waseme ndiyo na wasioafiki waseme siyo. Ajenda imepokelewa, na wanachama wamekwisha kuonja namna kura ya sauti inavyokwenda.

Hatua ya 6: Kanuni za kura

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo. Usisome kifungu cha katiba neno kwa neno, kwa kuwa lugha ya vifungu iliandikwa ili isipindishwe na haikuandikwa ili isikike vizuri. Eleza kwa maneno yako, kisha taja namba ya kifungu kwa anayetaka kuangalia.

Anza na namna ya kupiga. Mambo ya kawaida ni kwa kuinua kadi. Ikiwa katiba inawaruhusu wanachama kudai kura ya siri, waambie ni wangapi wanatakiwa kudai, na kwamba waseme kabla kadi hazijainuliwa. Uchaguzi ni kwa karatasi. Taja wahesabu kura kwa majina yao, wasimame waonekane, na wasiwe wagombea wala jamaa zao wa karibu. Ukumbi uulizwe kama una pingamizi nao. Pingamizi la asubuhi hutatuliwa kwa kubadilisha mtu mmoja. La jioni linataka kura irudiwe.

Kisha kiwango. Kwa jambo la kawaida, sema "zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa" na uishie hapo. Jihadhari na mazoea mawili yaliyokita mizizi: "nusu jumlisha moja" na "asilimia 51". Yote mawili yanaonekana ni kitu kimoja na zaidi ya nusu, lakini si kitu kimoja. Chukua kura 61. Nusu yake ni 30 na nusu, kwa hiyo zaidi ya nusu ni 31. Ukisema nusu jumlisha moja unapata 31 na nusu, unalazimika kupanda hadi 32. Asilimia 51 ya 61 nayo ni 31 na kidogo, unafika 32 vile vile. Matokeo yakiwa 31 kwa 30, umeshawapa walioshindwa hoja kutoka kinywani mwako mwenyewe.

Kwa jambo zito, kama mabadiliko ya katiba, taja sehemu, taja ni ya nini, na utoe mfano wa namba ya mviringo:

"Kubadili kifungu cha ada kunahitaji theluthi mbili. Theluthi mbili ya nini? Ya kura zitakazopigwa. Si ya watu waliokaa humu, wala si ya wanachama wote. Mfano wake: kama kura za ndiyo na hapana kwa pamoja zitakuwa 60, ndiyo zinatakiwa kufika 40. Zikiwa 39, pendekezo limeanguka. Asiyeinua kadi upande wowote hatuhesabu. Ukijizuia hujakataa, umewaachia wenzako waamue."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zingeokoa dakika zetu 40. Wanachama wengi huamini kujizuia ni hapana ya adabu. Pale katiba inapohesabu kura zilizopigwa, kujizuia hakusaidii upande wowote, kunapunguza tu jumla. Lakini ikiwa katiba yenu inasema "theluthi mbili ya waliohudhuria", mambo yanageuka: anayejizuia anabaki kwenye jumla, kwa hiyo ukimya wake unafanya kazi ile ile ya hapana. Ni maneno machache tu kwenye kifungu, na yanabadili maana ya kunyamaza. Mwanachama ana haki ya kujua ukimya wake utafanya nini kabla hajaamua kunyamaza.

Kuhusu uchaguzi, jambo la kueleza ni moja: anayeongoza ameshinda, au anatakiwa kuvuka nusu? Wagombea watatu wa nafasi moja wakipata 25, 19 na 14, kura ni 58 na nusu yake ni 29. Wa kwanza ameongoza kwa mbali ila hajafika nusu. Katiba nyingine zinampa ushindi, nyingine zinataka wawili wa juu warudiwe. Kwa wajumbe watatu wa kamati, waambie kila mtu aandike majina yasiyozidi matatu, na karatasi yenye majina manne imeharibika. Ikiwa wewe mwenyewe unagombea, tangaza sasa hivi kwamba kipengele hicho utampisha msimamizi wa uchaguzi, na umtaje.

Malizia na kura za kufungana, kwa sentensi moja: "Zikifungana, katiba inanipa kura moja ya kuamua," au "Zikifungana, hoja imeanguka."

Hatua ya 7: Swali moja kabla ya kuendelea

Usiulize "kuna swali?" ukiwa tayari unafunua karatasi inayofuata. Uliza hivi: "Nimesema namba na kanuni. Kuna anayesoma katiba tofauti na nilivyosema? Aseme sasa." Kisha nyamaza, uhesabu hadi 10 moyoni. Sekunde hizo zina uzito wake. Akitokea wa kupinga, kifungu kisomwe kwa sauti na katibu, si na wewe, kisha utoe uamuzi wako kwa sentensi moja na uandikwe. Mabishano ya kanuni kabla ya hoja huwa mafupi, maana hakuna aliye na cha kupoteza. Mara nyingi hakuna anayesimama, na hapo unamwita katibu asome muhtasari wa mkutano uliopita.

Katibu naye, kabla hajainuka, awe amekwisha kuandika mistari ya kwanza ya muhtasari wa leo. Yetu ya mwaka uliofuata ilisomeka hivi: "Mkutano ulifunguliwa saa 3:19 asubuhi. Wenye haki ya kura 173, akidi 58, waliohudhuria 60, mawakala waliopokelewa 6, fomu iliyokataliwa 1. Mwenyekiti alieleza ajenda na kanuni za kura, kwamba azimio la kubadili katiba linahitaji theluthi mbili ya kura zilizopigwa, na wanaojizuia hawahesabiwi. Aliuliza kama kuna pingamizi. Halikuwepo." Yule mzee wa safu ya nyuma alikuwepo siku hiyo pia. Alikuwa amekaa safu ya pili, na katiba yake imefunguliwa kwenye ukurasa ule ule.